Nikiinuka, tumbo linasimama kama mgongo wa mtumbwi

Shikamoo mama. Nina miaka 29, naishi Mikindani. Mtoto wangu wa pili ana miezi mitano, nilimzaa kwa njia ya kawaida akiwa na kilo 4.1. Tumbo limegoma kurudi. Sokoni naulizwa mimba ina miezi mingapi, na mtoto nimembeba mgongoni! Bibi alinifunga mkaja siku arobaini na kunikanda maji ya moto, sasa ananilaumu kwamba usiku nilikuwa naulegeza. Wiki sita zilizopita shoga yangu alinitumia video ya mazoezi, lile la kulala chali na kuinuka kukaa, nikawa nafanya mara mia kwa siku. Tumbo halijapungua. Nikiinuka, katikati kunatokea kitu kama mgongo wa mtumbwi uliopinduliwa, kuanzia chini ya kifua hadi kitovuni. Hakiumi, na nikilala kinazama. Mume wangu anaogopa ni uvimbe. Halafu nikikohoa mkojo unanitoka kidogo. Oktoba nasubiriwa shambani kwa mama, Nanyamba, kuokota korosho. Huu ni ugonjwa gani, na mazoezi yangu ni yapi?
Mama wa wawili, Mikindani

Marahaba mwanangu. Mumeo atulie. Kitu kirefu kinachofuata mstari wa katikati ya tumbo, kinachojitokeza ukiinuka na kuzama ukilala, bila maumivu, ni misuli ya tumbo iliyoachana. Hospitali wanaiita dayastasisi, lakini ukifika ukasema misuli imeachana utaeleweka vizuri tu.

Chini ya ngozi ya tumbo lako, kushoto na kulia kwa kitovu, kuna misuli miwili mirefu kama mikanda. Inaanzia mbavuni, inaishia kwenye mfupa wa kinena. Kinachoishikanisha katikati ni utando mweupe, mgumu, usio na nyama. Mimba inapokua, mikanda ile husukumwa pembeni na utando hutanuka. Umewahi kuona gauni lililobana mpaka mshono unakenua meno, na kitambaa chenyewe kizima? Ndivyo ilivyo. Hakuna kilichochanika ndani yako. Wiki za mwisho za mimba karibu kila mwanamke huwa hivyo, na wengi hurudi wenyewe, hasa katika wiki nane za kwanza baada ya kujifungua. Baada ya hapo mwili hupunguza mwendo. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliofuatilia wanawake 300 wa Norwe waliokuwa na mimba ya kwanza, na mwaka mmoja baada ya kuzaa takriban mmoja kati ya watatu bado alikuwa na pengo. Na hao wenye pengo hawakulalamikia mgongo kuliko wenzao. Nalitaja hilo kwa sababu huku kwetu kila maumivu ya kiuno ya mzazi siku hizi yanabebeshwa misuli iliyoachana, na mtu anaacha kutafuta sababu nyingine.

Sasa jipime, kwa sababu mimi sikuoni. Fanya asubuhi kabla hujala, ukitoka kukojoa. Tandika mkeka chini, usitumie kitanda cha kamba maana kinabonyea na kukudanganya. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikae chini. Weka ncha za vidole vya mkono mmoja juu kidogo ya kitovu, katikati kabisa, vikielekea miguuni, vimekaa ubavu kwa ubavu kama watu kwenye benchi. Bonyeza taratibu. Halafu nyanyua kichwa pole pole mpaka mabega yaanze tu kuachana na mkeka, usizidi hapo. Utasikia kingo mbili ngumu zinasogea kuvibana vidole vyako kutoka pande zote mbili. Hizo ndizo kingo za mikanda. Hesabu ni vidole vingapi vinaingia katikati yake. Pumzika, rudia upana wa vidole vinne juu ya kitovu, kisha vidole vinne chini yake. Pengo la juu na la chini mara nyingi halilingani na la kitovuni, ndiyo maana tunapima mara tatu.

Likizidi vidole viwili tunasema misuli imeachana. Lakini wengi hukomea kwenye hesabu ya vidole, na mimi naona hapo ndipo wanapopotea. Nataka ujue na mambo mengine mawili: kidole kinazama kiasi gani, na chini yake unagusa nini. Ukigusa kitu kilichokaza kama ngozi ya ngoma iliyowambwa, utando wako unafanya kazi hata kama pengo ni vidole viwili na nusu. Kidole kikizama mpaka kiungo cha kwanza na chini ukakuta ulaini wa unga wa maandazi uliokandwa, kazi ipo, hata kama pengo ni vidole viwili tu. Nimewahi kupima akina mama wawili siku moja, mwenye pengo jembamba ndiye aliyekuwa na tumbo lililolegea zaidi.

Kama ni mafuta, mambo ni tofauti. Mafuta utayafinya na kuyashika mkononi kama unavyoshika shavu la mtoto, na ukinyanyua kichwa hayabadiliki sura. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, na hilo halina aibu.

Nije kwenye zile mia zako za kila siku. Kinyume na unavyosikia, ukinyanyua kichwa pengo halipanuki. Kwa wengi wetu kingo husogeleana kidogo wakati huo, na ndiyo sababu nakusisitiza upime kwa namna ileile kila mara, la sivyo utalinganisha vitu visivyolingana. Tatizo lako ni jingine. Kuna msuli wa ndani kabisa unaozunguka tumbo kama mkaja, kutoka ubavu hadi ubavu. Huo ndio unaoukaza utando. Ukiinuka kwa nguvu huku huo umelala, mikanda ya mbele inavuta, matumbo yanasukuma, na utando uliolegea unasukumwa nje. Ndio mgongo wa mtumbwi unaouona. Kwa hiyo kila siku ulikuwa unausukuma nje mara mia. Hujajiharibu, lakini ulikuwa unazoeza kitu kisichokusaidia. Lile zoezi sikufungii maisha. Siku utakapoinua mabega na katikati ikabaki bapa, utaruhusiwa tena, ukilitaka.

Kwa sasa liache. Acha pia kunyanyua miguu yote miwili pamoja ukiwa chali, na kule kujitegemeza kwa viwiko na vidole vya miguu mwili ukiwa umenyooka kama ubao.

Anza na pumzi. Lala vilevile, magoti yamekunjwa, weka vidole ndani kidogo ya mifupa ya nyonga iliyojitokeza mbele. Vuta hewa puani, acha mbavu zifunguke pembeni. Kisha toa hewa mdomoni taratibu kama unapoza uji wa mtoto kijikoni. Wakati unatoa, vuta kwanza juu ile misuli unayoitumia kuzuia mkojo na hewa, halafu vuta eneo la chini ya kitovu kuelekea mgongoni, kwa upole, kama unafunga zipu ya sketi inayobana. Chini ya vidole utasikia kitu kinakaza kama kamba inayovutwa. Kitovu kisikimbie juu, makalio yasibane, uso usikunjamane. Shikilia sekunde tano huku ukiendelea kupumua, achia kabisa. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Unaweza kufanya ukimnyonyesha, nani atajua? Zoezi hili hili ndilo la mkojo wako wa kukohoa, kwa sababu misuli ya chini na ule mkaja wa ndani hufanya kazi pamoja. Kabla hujakohoa au kupiga chafya, vuta juu kwanza.

Usiende mbele mpaka uweze kufanya hivyo bila kuwaza, kwa kawaida ni wiki mbili. Kisha ongeza kuburuta kisigino. Umelala chali, umekaza ndani, toa pumzi huku unaburuta kisigino kimoja kwenye mkeka mpaka mguu ukaribie kunyooka, vuta pumzi ukiurudisha. Mara nane kila mguu, pumzika, rudia. Mkono mmoja ukae kitovuni wakati wote, huo ndio mlinzi wako. Mkono ukisikia katikati panainuka kama paa la nyumba, au panazama kama shimo, umepeleka mguu mbali mno. Ufupishe mwendo. Ukiufupisha na bado panainuka, rudi kwenye pumzi wiki moja. Hiyo ndiyo kanuni ya kila zoezi utakaloonyeshwa na mtu yeyote, liwe na jina zuri kiasi gani.

Likikubali, ingia kunyanyua makalio: nyayo chini, toa pumzi, inua makalio mpaka mwili uwe mteremko kutoka magotini hadi mabegani, hesabu tatu, shuka. Mara kumi, awamu mbili. Baadaye utanyanyua mguu mmoja juu goti likiwa limekunjwa, urudishe, kisha mwingine, na mwisho kabisa uje kulalia ubavu ukijitegemeza kwa kiwiko na magoti. Hatua mpya kila baada ya wiki mbili tatu, si kila siku.

Nikupe mfano wa mtu. Mama mmoja wa Lindi mjini, muuza samaki wa kukaanga, uzazi wa tatu, alinijia mtoto akiwa na wiki kumi na mbili. Juu ya kitovu vidole vitatu, kitovuni vitatu na nusu, chini kimoja. Kidole kilizama mpaka kiungo cha kwanza na chini palikuwa laini. Wiki mbili nilimpa pumzi tu, akanuna, alitaka jasho. Wiki ya tatu tukaongeza kisigino na palepale tumbo likasimama. Nikamwangalia vizuri nikagundua anabana pumzi kila mguu unaponyooka. Nikamwambia ahesabu kwa sauti moja, mbili, tatu, nne, maana anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi. Tumbo likabaki bapa. Kosa hilo ndilo ninalolikuta kuliko yote. Wiki ya sita alianza kunyanyua makalio. Lakini kilichombadilisha zaidi hakikuwa mkekani. Kila siku alikuwa anainamia karai la mafuta na kulinyanyua kutoka chini, na hapo ndipo mtumbwi wake ulipokuwa unatokea mara nyingi kuliko kwenye zoezi lolote. Karai likapandishwa kwenye meza. Mwezi wa nne tukapima: juu vidole viwili, kitovuni viwili na nusu, chini nusu kidole. Alisononeka kwamba halijafunga. Nikamwambia abonyeze, na kidole hakikuzama. Ngoma ilikuwa imewambwa. Alikuwa anainua ndoo bila kitu kujitokeza, na vitenge vyake vilimkaa. Sikumwahidi zaidi ya hapo, nawe sikuahidi kwamba litafunga lote. Mazoezi hukaza utando na kurudisha nguvu, na pengo hupungua kwa wengi, kwa kiasi.

Kwa hiyo tazama siku yako. Kitandani usiinuke moja kwa moja. Geukia ubavu, shusha miguu, jisukume kwa mkono. Kujitwika ndoo ya lita 20 ni kunyanyua kilo 20 kutoka chini mpaka kichwani, na shida kubwa kwako ni kule kunyanyua. Chota nusu, au pata mtu wa kukutwisha. Ukiwa peke yako, chuchumaa, sogeza ndoo karibu na mwili, toa pumzi wakati unainuka. Mtoto naye vilevile, kilo saba anazo huyo na anainuliwa mara ishirini kwa siku. Na ukienda msalani usijikamue. Maji na mboga za majani zitakusaidia kuliko nguvu.

Kuhusu bibi yako, usigombane naye. Mkaja unashika vizuri, hasa wiki za mwanzo tumbo linapokuwa kama mfuko mtupu, na wengi huwapa raha ya kutembea. Lakini kitambaa hakiwezi kuunganisha utando, kwa hiyo kuulegeza usiku hakujakuponza. Ukikazwa sana hata kupumua kwa shida, mgandamizo unashuka chini kwenye misuli ileile ya mkojo, na ya kwako tayari inalalamika. Kwa miezi mitano ulionayo sikuoni ukiuhitaji, ila ukitaka siku ya kazi nzito, jaribu kupitisha kiganja kati ya nguo na ngozi. Kikipita bila kulazimisha, uko sawa. Kukandwa kunalegeza uchovu, misuli hakuirudishi mahali. Na kwa mwenye kidonda cha upasuaji asikandwe tumboni kwa maji ya moto, wala asianze hatua za baada ya pumzi kabla hajakaguliwa kliniki kama wiki ya sita hadi ya nane.

Kuna jambo moja la kulitazama kwa macho mawili. Mtumbwi wako ni mrefu na laini. Ukiona kinundu cha mviringo kitovuni au karibu yake, hasa kisichorudi ukilala, hiyo inaweza kuwa ngiri ya kitovu, nenda ukapimwe. Kinundu hicho kikiwa kigumu, kikauma, kikabadilika rangi, ukatapika au hewa na choo vikakataa kutoka, usingoje asubuhi, nenda hospitali saa hiyohiyo. Na kama wiki ya kumi na mbili ya mazoezi mkojo bado unakutoka, au unahisi uzito kama kitu kinashuka ukeni, uliza kitengo cha fiziotherapia kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa pale Ligula, wakupime na chini, si tumbo peke yake. Upasuaji wa kushona misuli upo, lakini huanza kufikiriwa kwa aliyejaribu mazoezi kwa muda mrefu bila nafuu na aliyemaliza kuzaa, maana mimba nyingine hutanua tena.

Oktoba utaenda Nanyamba. Kuokota korosho ni kuinama asubuhi hadi mchana, basi piga goti moja chini au chuchumaa badala ya kukunja mgongo, mtoto abebwe na mwingine kwa zamu, na gunia likijaa liachie wenye mabega. Kazi ya kutenganisha korosho na mabibo kaa nayo wewe, kwenye kigoda. Kabla hujaondoka jipime tena na uniandikie: vidole vingapi juu, kitovuni na chini, kidole kimezama hadi wapi, na chini yake umegusa ngoma au unga.